Kutoa kwa kukopa: jinsi ya kutengeneza karatasi ya mazoezi inayoanzia kwenye picha na kuishia kwenye namba tupu

Mtoto akipewa 43 − 17 akaandika 34, hajabahatisha. Ameona 3 juu na 7 chini, akajua 3 haitoshi, basi akageuza: 7 kutoa 3 ni 4. Kisha 4 kutoa 1 ni 3. Kila hatua ameifanya kwa uangalifu, ila tu namba ya juu kwake si vitu 43 tena, ni tarakimu mbili zilizosimama pamoja. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya kutoa yako hivi: mtoto anafuata kanuni yake mwenyewe, na anairudia kila swali. Ndiyo maana kumpa maswali mengine 20 ya aina hiyohiyo hakumsaidii. Atayakosa yote 20 kwa namna ileile.

Kinachosaidia ni karatasi inayompitisha kwenye picha ya vitu 43, kisha inaondoa picha hiyo kidogokidogo, msaada mmoja kwa kila ngazi. Mwongozo huu unahusu kutoa namba za tarakimu mbili ambapo kukopa hutokea mara moja. Tutatumia 43 − 17 kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kuchora chochote

Hakikisha mtoto anaweza mambo mawili. La kwanza ni kutoa namba ya tarakimu moja kutoka kwenye namba za 10 hadi 18: 13 − 7, 12 − 8, 15 − 9 na nyinginezo za namna hiyo. Kila swali la kukopa lina hesabu kama hii ndani yake, na mtoto anayeihesabu kwa vidole kwa dakika nzima atakuwa amesahau alikopa wapi. La pili ni kujua kwamba 43 ni makumi 4 na mamoja 3. Mpe maswali manne ya mdomo kwa kila jambo. Akikwama hapa, karatasi ya kukopa haitamfaa bado, na ukimpa, utashindwa kujua alichokosa ni kukopa au ni kutoa kwenyewe.

Pia awe ameshika vijiti halisi, vikiwa vimefungwa kumikumi, na amefungua fungu kwa mikono yake. Picha inakumbusha tendo. Kama tendo halijawahi kufanyika, picha haina cha kukumbusha.

Chagua picha moja, uifuate hadi mwisho

Tumia fungu la vijiti kwa kumi na kijiti kimoja kwa moja. Katika ngazi za mwanzo chora fungu kama mistari 10 ya wima iliyosimama karibukaribu, na mstari mmoja wa kulala unaoifunga katikati. Mistari iwe 10 kweli. Wapo watoto watakaoihesabu, na wakikuta 8, picha yako imeshavunjika. Kila kijiti kiwe na urefu wa sentimita 2 hivi, ili mtoto aweze kukikata kwa penseli bila kugusa cha jirani.

Usichanganye picha. Karatasi yenye vijiti kwenye swali la kwanza, matunda kwenye la pili na sarafu kwenye la tatu inapendeza machoni, lakini inamlazimu mtoto kuanza upya kila swali kutafuta kumi iko wapi.

Na kuna kosa moja la uchoraji linaloharibu karatasi nyingi zaidi ya mengine yote: kuchora namba zote mbili. Ukichora vijiti 43 juu na vijiti 17 chini, mtoto ana vijiti 60 mbele yake, na jambo la kawaida kabisa kufanya ni kuvihesabu vyote. Katika kutoa, 17 haimo pembeni. Imo ndani ya 43. Chora namba ya juu tu. Namba ya chini ibaki tarakimu.

Ngazi ya 1: kufungua bila kutoa

Ngazi hii huachwa na wengi, nayo ndiyo inayobeba uzito. Mpe maswali manne yasiyo na alama ya kutoa hata moja. Upande wa kushoto chora mafungu 4 na vijiti 3. Upande wa kulia chora mafungu 3 na vijiti 13. Chini yake andika:

Makumi 4 na mamoja 3 = makumi 3 na mamoja ____

Maswali mawili ya kwanza yawe na picha zote mbili. La tatu liwe na picha ya kushoto pekee, na mtoto achore ya kulia. La nne lisiwe na picha: makumi 2 na mamoja 6 = makumi 1 na mamoja ____. Halafu ongeza swali moja chini ya yote: "Je, vijiti vimeongezeka, vimepungua, au ni vilevile?" Anayejibu kwamba vimeongezeka bado anaamini kukopa kunaleta kumi mpya kutoka nje, na asisogezwe mbele.

Unapochora vijiti 13, vile 10 vilivyotoka kwenye fungu vipange kwa safu mbili za vitano, na vile 3 vya awali vikae kando kidogo. Mtoto aone kwa jicho moja kilichotoka wapi, bila kuhesabu upya kutoka 1.

Ngazi ya 2: kufungua na kutoa kwenye picha

Sasa alama ya kutoa inaingia. Weka maswali sita, matatu kwa kila ukurasa, na usizidishe makumi manne kwenye namba ya juu, kwa sababu mafungu saba ya mistari kumi yanageuka kuwa msitu.

Maswali matatu ya kwanza yatoe namba ya tarakimu moja: 23 − 7, 31 − 8, 42 − 6. Hapa umeshachora mafungu, na pembeni kuna kisanduku kitupu cha sentimita 4 kwa 5. Mtoto anakata fungu moja kwa mstari, anachora vijiti 10 ndani ya kisanduku, kisha anakata vijiti anavyotakiwa kutoa. Matatu yanayofuata yatoe namba ya tarakimu mbili: 34 − 18, 41 − 23, 33 − 16. Mtoto anafanya yaleyale, kisha anakata na mafungu.

Tatizo la ngazi hii huonekana kwenye mikato. Fungu lililofunguliwa na fungu lililotolewa yote mawili yamekatwa, na mwishoni mtoto hajui lipi ni lipi. Katika 43 − 17 atakuwa amekata mafungu mawili: moja alilolifungua, moja alilolitoa. Akidhani yote mawili yametolewa, atakwambia ametoa 27. Kwa hiyo weka alama mbili tofauti na uzichapishe juu ya ukurasa pamoja na mfano: fungu linalofunguliwa linazungushiwa duara na kuchorewa mshale kuelekea kwenye kisanduku, kinachotolewa kinakatwa kwa msalaba. Usiache mtoto abuni alama zake.

Ngazi ya 3: picha na namba bega kwa bega

Hapa ndipo mtoto anaunganisha au anapotea, kwa hiyo mpe nafasi: swali moja kwa kila nusu ya ukurasa, maswali manne kwa jumla. Kushoto ni picha. Kulia ni jedwali lenye safu mbili, Makumi na Mamoja, na juu ya kila tarakimu ya namba ya juu kuna kisanduku kitupu chenye upana wa milimita 12. Upana huo una sababu: kisanduku cha mamoja kinatakiwa kubeba namba ya tarakimu mbili.

Kwa 43 − 17 karatasi inamwongoza hivi:

1. Tazama mamoja. Je, 3 inatosha kutoa 7? Zungushia: Ndiyo / Hapana.
2. Kwenye picha, zungushia fungu moja. Kwenye jedwali, kata 4, andika 3 kwenye kisanduku cha juu.
3. Kwenye picha, chora vijiti 10 vya fungu hilo. Kwenye jedwali, kata 3, andika 13.
4. Kwenye picha, kata vijiti 7. Kwenye jedwali, andika 6 chini ya Mamoja.
5. Kwenye picha, kata fungu 1. Kwenye jedwali, andika 2 chini ya Makumi.

Mpangilio wa hatua hizi una kusudi: tendo moja kwenye picha, maandishi yake palepale kwenye namba. Ukimwachia mtoto uhuru atamaliza picha yote, atahesabu 26, kisha atainakili kwenye jedwali. Jibu ni sahihi, lakini visanduku vya juu ni vitupu, na hajaunganisha chochote. Utamtambua kwa hilo: jibu lipo, mikato hakuna. Ili kumzuia, usiweke mstari wa jibu chini ya picha. Jibu liwe na mahali pamoja tu, chini ya jedwali. Vilevile andika namba ndogo za hatua, 2 hadi 5, pande zote mbili, pale hasa tendo linapofanyika.

Angalia pia anavyoandika 13. Wengi wamefundishwa kuchomeka 1 ndogo kando ya 3. Kwa mtu mzima inatosha, lakini mtoto anayeanza huiona ile 1 kama moja, si kumi, na wengine huijumlisha: 3 na 1 ni 4. Katika ngazi hii dai 3 ikatwe na 13 nzima iandikwe juu yake. Ile 1 ndogo atakuja kuitumia baadaye akitaka.

Kuanzia swali la tatu badili mchoro uwe mwepesi: mstari mmoja mrefu mnene kwa kumi, nukta kwa moja. Onyesha mara moja juu ya ukurasa kwamba mstari huu ni lile fungu. Swali la nne mtoto achore mwenyewe namba ya juu. Kwa nini uhangaike na mchoro mwepesi? Kwa sababu ndio atakaoweza kuuchora pembeni mwa karatasi siku atakapokwama, wakati mafungu ya mistari kumi hatayachora kamwe.

Ngazi ya 4: jedwali bila picha

Picha imeondoka. Jedwali limebaki, visanduku vimebaki, na maneno ya hatua yamefupishwa kuwa swali moja juu ya kila hesabu: "Mamoja yanatosha?" Weka maswali sita. Matano yahitaji kukopa; moja lisihitaji, na liwe la tatu au la nne, lisiwe la mwisho. Mtoto anayekopa bila kutazama atanaswa hapo, na swali lililoandikwa juu lipo kumkumbusha.

Funga ngazi hii kwa swali la kurudi nyuma. Mpe hesabu iliyokwisha kukatwa: 51 − 24, ambapo 5 imekatwa na kuandikwa 4, na 1 imekatwa na kuandikwa 11. Mwambie achore mistari na nukta zinazoonyesha namba ya juu jinsi ilivyo sasa. Achore mistari 4 na nukta 11. Akichora mistari 5 na nukta 11, anajua kuandika lakini hajui anachoandika. Mrudishe ngazi ya 3 kwa maswali mawili tu.

Ngazi ya 5: namba tupu

Sasa ni hesabu za wima bila safu zilizoandikwa majina na bila visanduku, maswali kumi kwenye ukurasa mmoja. Acha sentimita moja tupu juu ya kila namba, kwa kuwa mikato bado inahitaji mahali. Karatasi iliyobanwa huzalisha makosa ambayo si ya hesabu. Maswali mawili ya mwisho yaandike kwa ulalo, mtoto ayapange mwenyewe kwa wima.

Ubora wa ukurasa huu unategemea namba ulizochagua. Chukua 52 − 27. Jibu ni 25. Mtoto anayegeuza mamoja hupata 7 − 2 = 5, kisha 5 − 2 = 3, yaani 35. Mtoto anayekopa sawasawa lakini akasahau kupunguza makumi hupata 12 − 7 = 5, kisha 5 − 2 = 3, naye pia 35. Makosa mawili tofauti kabisa, jibu moja. Baya zaidi, yule anayepunguza makumi lakini akageuza mamoja atapata 25, na utampa alama ya vema kwa hesabu aliyoikosea. Yote haya yametokea kwa sababu mamoja, 2 na 7, yanatofautiana kwa 5. Basi kanuni ni fupi: kwenye maswali ya kukopa, usitumie mamoja yanayotofautiana kwa 5. Acha 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9.

Linganisha na mfano wetu. Katika 43 − 17 jibu sahihi ni 26; anayegeuza anapata 34; anayesahau kupunguza makumi anapata 36; anayepunguza kisha akageuza anapata 24. Majibu manne, njia nne, na hakuna linalojificha nyuma ya lingine.

Hizi hapa hesabu kumi zilizochaguliwa kwa kanuni hiyo. Sita ni za kukopa, nne si za kukopa, na zimechanganywa makusudi.

| Swali | Jibu sahihi | Akigeuza mamoja | Akisahau kupunguza makumi |
|---|---|---|---|
| 64 − 28 | 36 | 44 | 46 |
| 71 − 43 | 28 | 32 | 38 |
| 58 − 23 | 35 | hakuna kukopa | hakuna kukopa |
| 92 − 36 | 56 | 64 | 66 |
| 85 − 58 | 27 | 33 | 37 |
| 47 − 15 | 32 | hakuna kukopa | hakuna kukopa |
| 60 − 34 | 26 | 34 | 36 |
| 96 − 54 | 42 | hakuna kukopa | hakuna kukopa |
| 53 − 46 | 7 | 13 | 17 |
| 83 − 30 | 53 | hakuna kukopa | hakuna kukopa |

Tatu kati yake zina kazi maalumu. 60 − 34 ina sifuri juu, na hapo huzuka kosa ambalo halimo kwenye safu za jedwali: "0 kutoa 4 ni 0", jibu 30. 83 − 30 ina sifuri chini, na baadhi ya watoto hukopa kwa kuiona tu sifuri. Na 53 − 46 inaacha makumi sifuri; mtoto akiandika 07 amehesabu vizuri, na anahitaji kuambiwa tu kwamba sifuri ya mbele haiandikwi.

Tengeneza karatasi ya majibu yenye safu hizi zote, si jibu sahihi peke yake. Unaposahihisha, usiweke mkasi tu; tafuta jibu la mtoto liko safu gani. Kosa moja lililosimama peke yake huenda ni uzembe wa kawaida. Majibu mawili au zaidi kwenye safu moja ni kanuni aliyoishika. Anayegeuza mamoja anarudi ngazi ya 2, kwa sababu kwenye picha hawezi kutoa vijiti 3 kwenye 7 wakati vile 7 havipo. Anayesahau kupunguza makumi anarudi ngazi ya 3, hatua ya 2, ambapo kuzungushia fungu na kukata tarakimu ni kitu kimoja. Unapomrudisha, mpe hesabu ileile aliyoikosa, ikiwa na picha. Ukimpa nyingine, hataona kwamba 44 na 36 ni majibu ya swali moja.

Chini kabisa ya ukurasa weka mistari mitatu ya kuhakiki: jibu + namba ya chini = namba ya juu? Mtoto achague hesabu tatu zake mwenyewe. Aliyepata 44 kwenye 64 − 28 atajumlisha 44 + 28 na kukuta 72.

Karatasi hii inaishia wapi

Usiiongezee namba za mamia ukidhani ni ngazi ya 6. Hesabu kama 402 − 158 inadai kufungua mara mbili kabla ya kutoa hata mara moja: mia moja inafunguliwa kuwa makumi 10, kisha kumi moja kati ya hayo inafunguliwa kuwa mamoja 10, na namba ya juu inabaki mamia 3, makumi 9 na mamoja 12. Ile 9 haionekani popote kwenye 402, na mtoto aliyezoea kukopa kwa jirani atakuta jirani ni sifuri. Hiyo ianzie tena kwenye ngazi ya 1, kufungua bila kutoa, kwa mraba mkubwa wa mia, mistari na nukta, kwenye karatasi yake yenyewe.